Kuinoa hotuba ya mweka hazina: michango, mikopo na malimbikizo ndani ya dakika tatu

Mwaka wa kwanza niliposhika uweka hazina nilisema sentensi moja iliyokula saa nzima ya kikao. Nilisema: "Hadi leo wanachama wanadaiwa milioni mbili." Ilikuwa kweli tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa jumla ya mikopo iliyokuwa mikononi mwa watu, na karibu yote tarehe yake ya kurejeshwa ilikuwa bado haijafika. Lakini waliosikia neno "wanadaiwa" walielewa kuwa fedha za kikundi zimeliwa. Mzee mmoja alisimama akataka apewe hisa zake palepale, na wawili wakamuunga mkono. Daftari langu lilikuwa safi. Kilichoharibika ni maneno.

Tangu hapo nimeandika hotuba hizi nyingi, zangu na za waliokuja baada yangu, na naona makosa ni yaleyale. Hapa nachukua rasimu moja ya kikundi cha hisa, niifungue, niirekebishe mbele yako. Kikundi kina wanachama 24, kinakutana kila wiki, hisa moja ni 2,000 na mtu hununua moja hadi tano kwa kikao. Riba ya mkopo ni asilimia 5 kwa mwezi ya salio. Kuna mfuko wa mikopo, na pembeni kuna mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye ugonjwa na misiba. Taarifa ni ya mwezi mmoja, vikao vinne.

Rasimu yenyewe ni hii:

"Ndugu Mwenyekiti, meza kuu, ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa. Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa wazima. Mwezi huu tumekusanya milioni moja laki mbili arobaini na tatu na mia tano. Tumekopa milioni moja na mia tatu hamsini. Matumizi mengine yamefanyika kama kawaida. Wanachama wanadaiwa milioni mbili na laki mbili na themanini. Kuna wenzetu kila siku tunaimba wimbo uleule, wanajijua, na dawa ya deni ni kulipa. Fedha iliyopo ni laki mbili na ishirini na nne. Asanteni kwa kunisikiliza."

Fupi, ina heshima, na kila tarakimu iliyomo inatoka daftarini. Sasa mfikirie mwanachama aliyekaa nyuma na kikokotoo cha simu. Anachukua 1,243,500 zilizokusanywa, anatoa 1,350,000 za mikopo, anapata pungufu ya 106,500. Halafu anaambiwa sandukuni kuna 224,000. Zimetoka wapi? Hotuba haimwambii, na kimya hicho atakijaza mwenyewe kwa dhana.

Hatua ya kwanza: hesabu fedha, ndipo uandike

Usiandike sentensi hata moja kabla fedha zilizo mkononi hazijakubaliana na daftari. Shida ni kwamba siku ya hotuba ndiyo siku ya kikao, na fedha za siku hiyo bado zinaingia. Wengi huandika hotuba usiku uliotangulia wakatumia tarakimu za wiki iliyopita, halafu wanafika mbele sanduku linasema jingine.

Dawa yake ni nyepesi. Andika hotuba mapema kwa vikao vitatu vilivyopita na uache nafasi wazi kwenye kila mahali panapotegemea leo: hisa, marejesho, riba, faini, mikopo mipya. Omba taarifa yako iwe mwishoni, baada ya mikopo kutolewa na wahesabu fedha kumaliza kazi yao. Dakika tano za kujaza nafasi hizo zinatosha. Kama kikundi chenu hupenda taarifa ianze kabla ya michango, basi ifungie kwenye kikao kilichopita na uitaje tarehe hiyo waziwazi kwenye sentensi ya kwanza. Mtindo wowote kati ya hiyo miwili unafaa. Usiichanganye tu. Na kama sehemu ya fedha iko benki au kwenye simu, soma salio siku hiyohiyo, usilikumbuke kichwani.

Ikitokea fedha na daftari vinapishana, tofauti yenyewe mara nyingi inakuonyesha pa kutazama. Tofauti ya 2,000, ambayo ni bei ya hisa moja, ina maana pengine mtu amegongewa muhuri wa hisa ambayo hakuilipia. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kwa mfano 90,000, huenda ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 540,000 imeandikwa 450,000. Na tofauti ikiwa mara mbili ya kiasi fulani unachokifahamu, kiasi hicho kimeandikwa upande usio wake. Madaftari ya 12,000 yakiingizwa kwenye mapato badala ya matumizi, vitabu vitapishana na sanduku kwa 24,000. Si sheria za kukata kauli, ila zitakuokoa kupekua kurasa zote.

Ukishindwa kuipata, isome kama ilivyo: "Daftari linasema hivi, sanduku lina hivi, pungufu ni elfu mbili, tunaitafuta." Usiijaze kutoka mfukoni mwako. Mwezi ujao itageuka kuwa ziada isiyo na mwenyewe, na hapo ndipo maswali magumu huanzia.

Hatua ya pili: mnyororo mmoja, usikatike

Uti wa mgongo wa hotuba ni huu: tulianza na kiasi gani, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Msikilizaji anayejua kujumlisha na kutoa aweze kukufuata hadi mwisho. Rasimu yetu haikutaja ya kwanza, na hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote. Mwezi ulianza mfuko wa mikopo ukiwa na 318,000, na mfuko wa jamii ukiwa na 84,500. Bila hizo hakuna hesabu inayoweza kufunga.

Kosa la pili ni kumwaga mifuko miwili kwenye sentensi moja. Zile 224,000 ni za mfuko wa mikopo 153,000 na za mfuko wa jamii 71,000. Mtu anayetaka mkopo kikao kijacho atasikia 224,000 na kuja na ombi la laki mbili, kumbe zinazoweza kukopeshwa ni zile 153,000 tu pamoja na zitakazoingia siku hiyo. Fedha za mfuko wa jamii si za kukopesha. Zitaje kwenye aya yake, uimalize, usirudi tena.

Mnyororo wa mfuko wa mikopo wa mwezi huo ni huu:

```
Salio la kuanzia            318,000
Zilizoingia
  Hisa (262 x 2,000)        524,000
  Marejesho ya mikopo       610,000
  Riba                       56,000
  Faini                       7,000
  Jumla                   1,197,000
Zilizotoka
  Mikopo mipya            1,350,000
  Madaftari                  12,000
  Jumla                   1,362,000
Salio la kufungia           153,000
```

Bandika kikaratasi kama hiki ndani ya jalada la daftari. Hotuba itakuwa inakisoma kwa sauti, basi.

Hatua ya tatu: vunja neno "makusanyo"

"Tumekusanya" ni neno la hatari kwa sababu linameza vitu visivyofanana. Hisa ni akiba ya wanachama: kikundi kimepokea, lakini siku ya mgao zitarudi kwao. Rejesho la mkopo ni fedha ya kikundi iliyokuwa nje, imerudi nyumbani. Riba na faini ndizo pekee ambazo kikundi kimezichuma. Na michango ya mfuko wa jamii ina kazi yake nyingine kabisa.

Ukisema zote ni "makusanyo ya mwezi, milioni moja na laki mbili," mwanachama anatoka pale akiamini kikundi kimechuma milioni. Siku ya mgao ataiulizia milioni yake. Nimeona watu wakigombana miezi minane baada ya sentensi ya namna hiyo, na aliyeitamka alikuwa amekwisha kuisahau.

Kwa hiyo kila aina itajwe kwa jina lake kabla ya jumla. Jumla nayo iitwe "jumla iliyoingia". Usiiite "mapato", wala "faida". Neno faida mimi hulifungia kabatini mpaka niulizwe, na nikiulizwa nina jibu tayari: riba iliyolipwa 56,000 na faini 7,000, toa madaftari 12,000, ni 51,000 kwa mwezi huu.

Hatua ya nne: mikopo, na vitenzi vinavyopinda

Lugha yetu ina mitego hapa. "Tumekopa" maana yake kikundi kimechukua mkopo mahali. Rasimu ilikusudia "tumekopesha". Watu wa siku zote watakuelewa, lakini mwanachama aliyejiunga mwezi uliopita atashtuka kusikia kikundi kina deni la milioni. Andika "tumetoa mikopo mipya kwa wanachama saba". Idadi ya watu ina uzito wake, kwa sababu 1,350,000 kwa watu saba si habari ileile na 1,350,000 kwa watu wawili.

Mtego mwingine ni "anadai" na "anadaiwa". Ukisoma haraka silabi hiyo moja inadondoka, na mkopaji anageuka mkopeshaji. Mimi nimeviacha vyote viwili. Nasema "mikopo iliyo mikononi mwa wanachama", nayo kila mtu anaelewa fedha ziko wapi bila kuhisi kuna mshtakiwa.

Kiasi hicho nacho kinafuata mnyororo wake. Mwezi ulianza mikopo iliyokuwa nje ikiwa 1,540,000. Zimerudi 610,000, zimetoka mpya 1,350,000, kwa hiyo sasa ziko nje 2,280,000. Usisome yote hayo mbele ya watu. Soma ya mwisho, zilizobaki ziwe karatasini kwa atakayeuliza. Angalizo moja: hapa panaingia rejesho la mkopo peke yake. Ukipunguza riba pia, yaani ukitoa 666,000 badala ya 610,000, utaonekana una mikopo michache kuliko iliyopo, na kosa hilo halionekani kwenye fedha za sandukuni kwa sababu sanduku litakubaliana na daftari vizuri tu. Utaligundua pale jumla ya salio la kila mkopaji, mmoja mmoja, itakapozidi jumla yako. Hivyo jumlisha kadi au kurasa za wakopaji wote kila mwezi kabla ya hotuba.

Hatua ya tano: malimbikizo

Hapa ndipo hotuba hujengwa au kubomoka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Malimbikizo ni kile ambacho tarehe yake imepita na hakijalipwa. Si mkopo mzima, si kila kilicho nje. Mwezi huo marejesho yaliyofikia tarehe yalikuwa 790,000. Yamelipwa 610,000. Yamebaki 180,000. Riba iliyopaswa kuingia ilikuwa 77,000, yaani asilimia 5 ya zile 1,540,000, na imeingia 56,000. Imebaki 21,000. Malimbikizo yote ni 201,000.

Linganisha sasa: rasimu ilitangaza 2,280,000 na kufuatisha maneno makali kuhusu wadaiwa. Mtu wa nyuma aliondoka na picha ya shimo kubwa zaidi ya mara kumi kuliko lililopo.

Upande wa pili, usilipake shimo rangi. Wale waliochelewa ni watatu. Mmoja kachelewesha 90,000 na salio lake lote ni 210,000, wa pili 60,000 kati ya 150,000, wa tatu 30,000 kati ya 60,000. Ukijumlisha salio lao lote ni 420,000. Mkopaji akiacha kulipa, kilicho hatarini ni salio lake zima, si kile kipande kilichopita tarehe peke yake. Wengine hupenda kuitaja hiyo 420,000 kwenye hotuba. Kwa ucheleweshaji wa wiki moja hadi tatu naona ni mapema na inatisha bure. Lakini mtu akipitisha miezi miwili bila kulipa chochote, ningeitaja bila kusubiri kuulizwa. (Na ndiyo maana riba yao isiyolipwa ni 21,000: asilimia 5 ya 420,000. Ukiona riba iliyobaki haiendani na salio la waliochelewa, rudi daftarini, kuna mtu umemsahau.)

Asilimia nazo ziangalie. Kusema "malimbikizo ni asilimia 8" hakuna maana mpaka useme ni asilimia 8 ya nini. Katika hotuba ya dakika tatu mimi huacha asilimia kabisa na kutaja kiasi, idadi ya watu, na urefu wa kuchelewa. Halafu nalinganisha na mwezi uliopita, maana 201,000 iliyotoka kwenye sifuri na 201,000 iliyoshuka kutoka laki nne ni habari mbili zinazopingana.

Halafu kuna majina. Nikiri kwamba watu hutofautiana hapa. Wako wanaosema kila mkopo ulitolewa mbele ya wote, basi na kuchelewa kusomwe mbele ya wote. Mwongozo wako wa kwanza ni katiba ya kikundi, na kama inasema majina yasomwe, yasome bila vikorombwezo. Ikiwa haisemi, hotuba itaje idadi, na majina yaje kwenye ajenda ya mikopo ambapo mhusika ana nafasi ya kujibu. Kwa vyovyote vile, mtu asisikie habari yake kwa mara ya kwanza pale mbele. Siku mbili tatu kabla ya kikao mpigie au mfuate, mwambie kiasi unachokiona kwenye daftari, muulize kama ndicho anachokijua. Nimewahi kukuta mtu ana stakabadhi ya malipo ambayo sisi hatukuyaandika. Ningemtaja hadharani, leo nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Mazungumzo hayo ndiyo yanayokupa sentensi ya mwisho ya sehemu hii: nini kinafuata. Katika mfano wetu wawili wameahidi kulipa kikao kijacho, na wa tatu ameomba kupangiwa upya, akaingizwa kwenye ajenda. Malimbikizo yasiyo na hatua inayofuata yanaacha watu wakinung'unika tu.

Na sasa futa "wanajijua". Neno hilo linawafanya wanachama ishirini na wanne waangaliane usoni. Futa "wimbo uleule". Futa pia "dawa ya deni ni kulipa", ijapokuwa najua inavyovutia ulimini. Ikitoka kinywani mwa anayeshika daftari ni kijembe, na watu wataanza kukisia ni cha nani.

Kuna malimbikizo mengine madogo ambayo husahaulika: mchango wa lazima uliorukwa. Mfuko wa jamii ni 500 kwa kila mtu kila kikao, hivyo mwezi mzima ungeleta 48,000, na umeingia 46,500. Michango mitatu haikulipwa, 1,500. Hisa hazihesabiwi hivyo kwenye kikundi hiki, kwa kuwa aliyenunua moja hana deni la zile nne alizoacha. Kwenye kikundi chenye mchango wa kiwango kimoja kwa wote, kila mchango uliorukwa ni malimbikizo na unaandikwa.

Hatua ya sita: tamka tarakimu zisipotoshwe

Sema "elfu mia mbili na hamsini" kwa watu kumi, waambie waandike. Wengine wataandika 250,000, mwingine 200,050, na wote wako sahihi. "Milioni moja na mia tatu hamsini" ya rasimu yetu inaweza kuwa 1,350,000 au 1,000,350. Sokoni muktadha unatuokoa. Kwenye taarifa ya fedha, hapana.

Kanuni yangu ni kwamba kila kipande cha tarakimu kibebe jina la ukubwa wake: milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Laki mbili na elfu ishirini na nne, si "laki mbili na ishirini na nne". Kwenye karatasi andika kwa maneno jinsi utakavyotamka, na tarakimu pembeni. Jicho likikutana na 1,197,000 ukiwa umesimama na watu wanakutazama, ulimi huchagua njia ya mkato.

Vituo pia. Tarakimu moja kwa sentensi moja, kisha nyamaza pumzi moja, katibu aandike. Nikisoma hivi hupata kama maneno mia moja kwa dakika, na hiyo inaniambia hotuba isizidi maneno mia tatu.

Shukrani ndefu na "fursa hii adhimu" vimeondoka kwa sababu hiyohiyo. Salamu ya Mwenyekiti na wanachama inabaki, sentensi moja. "Matumizi mengine yamefanyika kama kawaida" nayo haiwezi kubaki: fedha haijitumii. Sema kilichonunuliwa, kiasi, na kikao kilichoidhinisha.

Hotuba baada ya kunolewa

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, salaam. Taarifa hii ni ya vikao vinne, kuanzia tarehe 3 hadi leo tarehe 24.

Naanza na mfuko wa mikopo. Mwezi ulianza tukiwa na laki tatu na elfu kumi na nane. Zimeingia fedha za aina nne. Hisa, laki tano na elfu ishirini na nne. Marejesho ya mikopo, laki sita na elfu kumi. Riba, elfu hamsini na sita. Faini, elfu saba. Jumla iliyoingia ni milioni moja, laki moja na elfu tisini na saba.

Zimetoka kwa mambo mawili. Tumetoa mikopo mipya kwa wanachama saba, milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Tumenunua madaftari mawili kwa elfu kumi na mbili, kama kikao cha tarehe 10 kilivyoidhinisha. Mfuko wa mikopo umebaki na laki moja na elfu hamsini na tatu.

Mfuko wa jamii ulianza na elfu themanini na nne na mia tano. Zimeingia elfu arobaini na sita na mia tano. Michango mitatu haijalipwa. Mwenzetu aliyefiwa tulimpa elfu sitini. Umebaki na elfu sabini na moja.

Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama ni milioni mbili, laki mbili na elfu themanini. Sehemu kubwa tarehe yake haijafika.

Iliyopita tarehe ni laki mbili na elfu moja. Katika hiyo, laki moja na elfu themanini ni marejesho, na elfu ishirini na moja ni riba. Ni ya wanachama watatu, na aliyechelewa zaidi ana wiki tatu. Mwezi uliopita hatukuwa na malimbikizo. Nimezungumza na wote watatu. Wawili wameahidi kulipa kikao kijacho. Wa tatu ameomba kupangiwa upya, na ombi lake ni ajenda namba 5.

Fedha zimehesabiwa leo na wahesabu wetu wawili na zinakubaliana na daftari. Tuondoke na hizi mbili kichwani: mikopo, laki moja na elfu hamsini na tatu, jamii, elfu sabini na moja. Nakaribisha maswali."

Isome kwa sauti nyumbani mara mbili, ya pili ukiwa na mtu anayeandika tarakimu anazozisikia. Akiandika tofauti na karatasi yako, sentensi hiyo bado haijakaa.

Maswali yenyewe mara nyingi ni matatu: faida ni ngapi, kwa nini mimi sikupata mkopo wote niliouomba, na fulani kalipa au hajalipa. La kwanza jibu lake tumeliona. La pili linajibiwa na lile salio la 153,000. La tatu lirudishe kwenye ajenda yake, kwa Mwenyekiti. Ukiulizwa usilokuwa nalo, sema utaleta kikao kijacho na umwombe katibu aliandike, usikadirie.

Zile tarakimu mbili za mwisho zina kazi. Vikundi vingi vya sanduku vina desturi ya kufungua kikao kwa kumuuliza mwanachama yeyote salio lililofungiwa mara iliyopita, kabla kufuli halijafunguliwa, kisha fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Muulize aliyekaa nyuma kabisa, yule wa kikokotoo.